Hesabu ya DuPont: Jinsi ya kujua kwa nini faida ya wanahisa imepanda au kushuka

Miongoni mwa takwimu zinazotajwa mara kwa mara kampuni zinapotangaza hesabu zake za mwaka ni faida ikilinganishwa na mtaji wa wanahisa. Takwimu hiyo hueleza kila shilingi 100 za wenye kampuni zimezaa shilingi ngapi katika mwaka mmoja. Kampuni yenye asilimia 30 huonekana kuwa bora kuliko yenye asilimia 15, na ile iliyotoka 15 na kufika 30 husifiwa kuwa ina uongozi mzuri.

Sifa hizo zinaweza kuwa za haki, lakini pia zinaweza kumpotosha mnunuzi wa hisa. Kiwango hicho hupanda kampuni inapouza kwa faida zaidi, hupanda inapotumia mali zake kwa bidii zaidi, na hupanda vilevile inapopunguza mtaji wa wenyewe na kutegemea madeni. Mambo hayo matatu ni tofauti kabisa, lakini katika takwimu moja hayatofautishwi.

Njia ya kuyatenganisha ina umri wa zaidi ya karne moja. Ilianzia katika kampuni ya DuPont ya Wilmington, jimbo la Delaware nchini Marekani, ambako ofisa wa fedha Donaldson Brown, katika miaka ya 1910, aliigawa faida ya mtaji katika sehemu mbili: faida inayopatikana kwa kila mauzo, na kasi ya mtaji huo kuzunguka. Mwaka 1921 Brown alihamia General Motors na kuitumia huko kupima idara zake. Sehemu ya tatu, inayohusu madeni, iliongezwa baadaye, lakini jina la DuPont limebaki.

Sehemu tatu

Hesabu yenyewe inahitaji takwimu nne tu: faida halisi baada ya kodi, mauzo, jumla ya mali, na mtaji wa wanahisa, yaani kile kinachobaki baada ya kuondoa madeni yote katika mali.

Sehemu ya kwanza ni kiwango cha faida, yaani faida halisi kugawanywa kwa mauzo. Ya pili ni mzunguko wa mali, yaani mauzo kugawanywa kwa jumla ya mali. Ya tatu ni kizidishi cha mtaji, yaani jumla ya mali kugawanywa kwa mtaji wa wanahisa. Kampuni isiyo na deni lolote ina kizidishi cha 1. Yenye kizidishi cha 3 ina mali za shilingi tatu kwa kila shilingi moja ya wenyewe, na shilingi mbili zilizobaki ni za wanaoidai.

Sehemu hizo zikizidishwa pamoja, mauzo na mali hufutana na jibu huwa faida kugawanywa kwa mtaji wa wanahisa. Kwa hiyo mabadiliko yoyote ya kiwango hicho lazima yatokane na moja ya sehemu hizo, au zaidi ya moja.

Apple kati ya 2012 na 2013

Mfano ulio wazi ni kampuni ya Apple ya Marekani, ambayo mwaka wake wa fedha huisha mwishoni mwa Septemba. Mwaka 2012 iliuza bidhaa na huduma za dola bilioni 156.5 na kupata faida halisi ya dola bilioni 41.7. Mali zake zilikuwa dola bilioni 176.1 na mtaji wa wanahisa dola bilioni 118.2. Faida kwa mtaji ilikuwa asilimia 35.3.

Mwaka uliofuata mauzo yalipanda hadi dola bilioni 170.9, lakini faida ilishuka hadi dola bilioni 37.0. Mali zilifika dola bilioni 207.0 na mtaji dola bilioni 123.5. Faida kwa mtaji ikashuka hadi asilimia 30.0. Swali ni nini kilichoondoa asilimia 5.3 hizo.

Ili kujibu, tunabadilisha sehemu moja baada ya nyingine na kuacha zilizobaki kama zilivyokuwa.

Tuanze na kiwango cha faida. Kilishuka kutoka asilimia 26.7 hadi 21.7. Kama hicho pekee kingebadilika, faida kwa mtaji ingeanguka kutoka 35.3 hadi 28.7. Hapa ndipo lilipokuwa tatizo kubwa, na chanzo chake kinaonekana katika faida ghafi, ambayo ilipungua kutoka asilimia 43.9 ya mauzo hadi 37.6. Apple ilikuwa imeingiza sokoni bidhaa mpya zilizogharimu zaidi kutengeneza, pamoja na za bei nafuu kama iPad mini.

Mzunguko wa mali nao ulipungua. Mwaka 2012 kila dola ya mali ilileta mauzo ya senti 89, na mwaka 2013 senti 83. Badiliko hilo liliteremsha jibu kutoka 28.7 hadi 26.6. Lakini sababu haikuwa viwanda kulala wala bidhaa kurundikana katika maghala. Fedha taslimu na dhamana za fedha za kampuni ziliongezeka kutoka dola bilioni 121.3 hadi 146.8. Fedha zilizohifadhiwa ni mali, lakini haziuzi simu.

Baada ya hatua hizo mbili jibu lilipaswa kuwa 26.6, lakini hesabu zilizotangazwa zilionyesha 30.0. Tofauti hiyo ilitoka katika sehemu ya tatu. Mwishoni mwa Aprili 2013 Apple ilikopa dola bilioni 17 kwa kuuza hatifungani, ingawa ilikuwa na akiba kubwa kuliko deni hilo mara nyingi. Sehemu kubwa ya akiba ilikuwa nje ya Marekani na ingetozwa kodi kama ingerudishwa nyumbani. Katika mwaka huo wa fedha kampuni ilitumia dola bilioni 22.9 kununua hisa zake yenyewe na kulipa gawio la dola bilioni 10.5. Kizidishi kikapanda kutoka 1.49 hadi 1.68.

Kwa maneno mengine, biashara yenyewe ilipunguza faida ya wanahisa kwa takriban asilimia 8.7, na madeni pamoja na ununuzi wa hisa vikafunika asilimia 3.3 ya anguko hilo. Aliyesoma takwimu moja tu hakuweza kuliona hilo.

Kutoka asilimia 30 hadi 197

Miaka tisa baadaye picha ilikuwa imebadilika kabisa. Mwaka 2022 Apple iliuza bidhaa na huduma za dola bilioni 394.3 na kupata faida ya dola bilioni 99.8. Mali zilikuwa dola bilioni 352.8, lakini mtaji wa wanahisa ulikuwa umepungua hadi dola bilioni 50.7. Faida kwa mtaji ilifika asilimia 197.

Kiwango cha faida kilikuwa asilimia 25.3, chini kidogo ya kile cha 2012. Mzunguko wa mali uliimarika, na kila dola ya mali sasa ilileta mauzo ya dola 1.12. Kama kizidishi kingebaki 1.68 kama mwaka 2013, faida kwa mtaji ingekuwa asilimia 47. Hayo ni mafanikio ya kweli. Zilizobaki, karibu asilimia 150, zilitokana na kizidishi kilichopanda hadi 6.96.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Kampuni inaponunua hisa zake, fedha hutoka katika mali na mtaji wa wanahisa hupunguzwa kwa kiasi hichohicho. Mwaka 2022 pekee Apple ilinunua hisa za dola bilioni 89.4 na kulipa gawio la dola bilioni 14.8, jumla ambayo inazidi faida yote ya mwaka. Hilo likirudiwa mwaka hadi mwaka, kigawanyo hupungua na jibu hukua hata kama biashara haijabadilika.

Hatari ya kizidishi kikubwa ni kwamba hukuza hasara sawa na kinavyokuza faida. Kwa kizidishi cha 1.49, mali zikipoteza asilimia 10 ya thamani, wanahisa hupoteza karibu asilimia 15 ya mtaji wao wa vitabuni. Kwa kizidishi cha 6.96 hupoteza karibu asilimia 70. Apple ilikuwa na kinga, kwa kuwa mikopo yake ya dola bilioni 120.1 ilikuwa ndogo kuliko fedha na dhamana zake za dola bilioni 169.1. Kampuni isiyo na akiba ya namna hiyo, ikifikia kizidishi hicho, haina pa kukimbilia mauzo yanaposhuka.

Pale hesabu inapokwama

Kiwango cha faida huchanganya biashara, riba na kodi, na mara nyingine huhitaji kufunguliwa zaidi. Mwaka 2024 faida halisi ya Apple ilishuka kutoka dola bilioni 97.0 hadi 93.7, na kiwango chake kikapungua kutoka asilimia 25.3 hadi 24.0. Hata hivyo, faida kabla ya kodi ilipanda kutoka dola bilioni 113.7 hadi 123.5. Kilichoishusha faida halisi ni mzigo wa kodi wa mara moja wa dola bilioni 10.2, uliotokana na shauri la Umoja wa Ulaya kuhusu kodi ya Apple nchini Ireland. Kwa sababu hiyo wachambuzi wengi huligawa fungu la kwanza katika matatu: faida kabla ya riba na kodi, kiasi kinachobaki baada ya riba, na kinachobaki baada ya kodi.

Kikwazo cha pili ni mtaji ulio chini ya sifuri. McDonald's, kwa mfano, ina madeni yanayozidi mali zake za vitabuni tangu mwaka 2016 kwa sababu ya kununua hisa zake. Katika hali hiyo faida kwa mtaji huwa na alama ya kutoa wakati kampuni inapata faida, na haina maana yoyote.

Tatu, si haki kulinganisha benki na kiwanda. Amana za wateja ni deni la benki, hivyo kizidishi chake huwa kikubwa kwa asili ya biashara yenyewe. Duka kubwa la vyakula nalo huishi kwa faida ndogo na mzunguko wa haraka. Kila kampuni ilinganishwe na zinazofanya biashara kama yake, na na miaka yake yenyewe iliyopita.

Mpangilio wa hatua nao una athari. Ukianza na kizidishi badala ya kiwango cha faida, mgawo wa kila sehemu utatofautiana kidogo, ingawa jumla haibadiliki. Wengine hutumia wastani wa mali na mtaji wa mwanzo na mwisho wa mwaka, na majibu yao hayatalingana na ya hapa. Muhimu ni kutumia utaratibu mmoja kwa miaka yote.

Takwimu zote nne zimo katika hesabu ambazo kampuni za masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi hutangaza. Mauzo na faida zimo katika taarifa ya mapato. Mali na mtaji zimo katika mizania. Zikiwekwa za miaka miwili bega kwa bega, mwenye hisa ataona kama ongezeko analosomewa katika mkutano mkuu limetoka katika biashara au katika deni.