Kuziba pancha ya baiskeli safarini

Kuziba pancha ya baiskeli safarini ni kazi ya kutafuta na kufunga tundu katika mpira wa ndani wa gurudumu mahali ambapo hakuna fundi, beseni la maji wala gurudumu la akiba. Msafiri anayeendesha peke yake mwendo mrefu hutegemea vifaa vichache alivyobeba mwenyewe. Kazi hii ina sehemu mbili: kuziba tundu, na kukiondoa kilicholitoboa. Sehemu ya pili ndiyo husahaulika mara nyingi. Mwiba ukibaki ndani ya tairi, hutoboa tena mpira uliozibwa, na hata mpira mpya, baada ya mwendo mfupi.

## Historia

Tairi la upepo la baiskeli lilianza kutumika sana baada ya John Boyd Dunlop kulitengeneza mjini Belfast mwaka 1888. Matairi ya mwanzo yalifungwa kwenye rimu kwa gundi na kitambaa, hivyo kuziba pancha kulichukua saa nyingi. Mwaka 1891 ndugu Michelin wa Ufaransa walileta tairi linaloweza kutolewa kwenye rimu na kurudishwa na mwendeshaji mwenyewe. Mwaka huohuo Charles Terront alilitumia kushinda mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, mwendo wa takriban kilomita 1,200, kwa muda usiofika saa 72. Tangu hapo msingi wa kazi ni uleule: tairi la nje hutolewa upande mmoja, mpira wa ndani huvutwa nje, huzibwa kwa kiraka na kurudishwa.

## Kutambua chanzo

Mahali na umbo la tundu huonyesha kilicholisababisha. Tundu moja dogo upande unaogusa barabara kwa kawaida hutokana na mwiba, msumari, kipande cha waya au cha chupa. Matundu mawili yaliyo sambamba kama alama ya meno ya nyoka hutokea gurudumu lenye upepo mdogo linapogonga ukingo wa shimo au jiwe, na mpira wa ndani kubanwa kati ya tairi na rimu. Hapo hakuna mwiba wa kutafuta. Tiba ni kiraka na upepo wa kutosha.

Tundu likiwa upande wa ndani, unaotazama rimu, chanzo huwa ni ncha ya spoku iliyochomoza au utepe wa rimu uliosogea. Kiraka hakidumu hapo mpaka ncha ipigwe tupa au ifunikwe. Mpasuko kwenye shina la vali hauzibiki kwa kiraka cha kawaida, na ndiyo sababu kubwa ya kubeba mpira mzima wa akiba.

Si kila gurudumu lililolegea lina tundu. Kwa kuwa vali ndiyo rahisi zaidi kukagua, huanziwa hapo. Mate kidogo hupakwa juu ya mdomo wake, na yakitoa povu, vali ndiyo inayovuja. Baiskeli nyingi za mizigo za Afrika Mashariki zina vali yenye kijipira chembamba kilichovikwa juu ya pini. Kijipira hicho huchakaa kwa joto, na kukibadilisha ni kazi ya dakika moja.

## Hatua za kuziba

Mfano wa msafiri anayetoka Dodoma kwenda Singida kwa baiskeli ya magurudumu ya inchi 28 unaonyesha mpangilio wa kazi. Kati ya Bahi na Manyoni anaiondoa baiskeli barabarani ili apumzike chini ya mti, akipita kwenye nyasi kavu zenye mbigili, mmea unaotambaa ambao mbegu zake zina miiba migumu. Kilomita chache baada ya kuondoka, gurudumu la nyuma linakuwa laini. Anajaza upepo, lakini baada ya dakika 20 linalegea tena. Anapaka mate kwenye vali, na halioni povu lolote. Basi kuna tundu dogo.

Gurudumu la nyuma la baiskeli ya namna hii halifunguki kwa haraka, kwa sababu ya mnyororo, breki na kifuniko cha mnyororo. Mafundi wa mitaani kwa kawaida hawalitoi. Msafiri naye anaigeuza baiskeli juu chini na kuliacha gurudumu mahali pake. Kabla ya kugusa tairi anaweka alama kwenye ubavu wake, mahali panapoelekeana na vali.

Anatoa upepo wote uliobaki, kisha anaubana ukingo wa tairi kwa vidole kuzunguka gurudumu zima ili uingie kwenye mfereji wa katikati ya rimu. Hapo tairi linapata nafasi ya kulegea. Anaingiza vyuma viwili bapa vya kutolea tairi, kimoja kando ya kingine, na kuunyanyua ukingo upande mmoja tu. Kisha anafungua nati ya vali na kuuvuta mpira wa ndani wote nje, huku ukiwa bado umezunguka ekseli.

Maji aliyo nayo ni ya kunywa, kwa hiyo halitafuti tundu kwa kuzamisha mpira. Anaujaza upepo mpaka unene kama mara mbili ya kawaida, na kuupitisha polepole karibu na mdomo na shavu, ambako ngozi huhisi pumzi ndogo sana. Anapata tundu umbali wa sentimita 40 kutoka kwenye vali, upande unaogusa barabara. Analizungushia alama ya msalaba yenye mistari mirefu kuliko kiraka, kwa sababu msasa utafuta katikati ya alama. Haishii hapo. Mbigili huchoma zaidi ya mahali pamoja, hivyo anaendelea kuzunguka mpira wote na kupata tundu la pili.

Sasa anatoa upepo na kusugua kila mahali kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira upotee. Kama kuna mstari ulioinuka wa kiwandani, anausawazisha kabisa, kwani upepo hupenya kando yake chini ya kiraka. Anafuta vumbi na kupaka solusheni kwa utando mwembamba, eneo pana kidogo kuliko kiraka.

Baada ya hapo inabidi kusubiri. Solusheni hushika vizuri inapokuwa imekauka. Kimiminika kilichomo kisipotoka, hunaswa chini ya kiraka na kukilegeza. Kwa kawaida dakika tano hivi zinatosha, mpaka utando usionekane tena kuwa na majimaji. Haufai kujaribiwa kwa kidole, maana jasho na vumbi huuharibu.

Msafiri anautumia muda huo kukagua tairi. Anapima sentimita 40 kutoka kwenye alama ya vali, upande wa kulia na wa kushoto pia, kwa sababu mpira unaweza kuwa umegeuka ulipotolewa. Anatazama nje kwanza, kisha anapitisha kitambaa ndani ya tairi. Kitambaa hunasa kwenye ncha ambayo kidole kingechomwa nayo. Anaiona miiba miwili inayolingana na matundu mawili, na wa tatu ambao ulikuwa bado haujafika ndani. Yote anaing'oa kwa kibanio. Idadi ya miiba iliyopatikana isipofikia ya matundu, utafutaji huendelea.

Solusheni ikiwa imekauka, anabandua karatasi ya kiraka bila kugusa uso wake, anakiweka katikati ya tundu na kukikandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni kwa dakika moja. Plastiki nyembamba ya juu anaiacha, kwa sababu kuivuta mapema huinua ukingo wa kiraka.

## Kurudisha tairi

Mpira wa ndani hutiwa upepo kidogo tu, kiasi cha kuwa mviringo, ili usijikunje. Vali huingizwa kwanza, kisha mpira wote. Ukingo wa tairi hurudishwa kwa vidole gumba kuanzia upande ulio mbali na vali na kumalizikia kwenye vali. Sehemu ya mwisho huwa ngumu, na hapa ndipo wengi huchukua chuma, hukandamiza mpira wa ndani na kutoboa tundu jipya. Ni bora kurudia kuusukuma ukingo kwenye mfereji wa rimu mpaka sehemu ya mwisho ilegee.

Vali husukumwa ndani kidogo kisha kuvutwa nje, ili mpira usibanwe chini ya ukingo. Kabla ya kujaza, pande zote mbili hukaguliwa: mpira wa ndani haupaswi kuonekana popote kati ya tairi na rimu. Kisha upepo hujazwa mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

## Vifaa vya kubeba

Vifaa vifuatavyo huingia katika mfuko mdogo wa chini ya kiti, na kila kimoja kina kazi katika hatua zilizotajwa:

* mpira mmoja wa ndani wa akiba wa kipimo cha tairi, wenye vali inayoingia kwenye tundu la rimu. Njia ya miiba mingi huhitaji miwili
* viraka sita hadi nane, msasa na kitambaa
* chupa ndogo ya solusheni ambayo haijafunguliwa
* vyuma au plastiki mbili za kutolea tairi
* pampu inayofaa vali ya baiskeli hiyo
* spana ya nati za ekseli, kibanio na kalamu
* vijipira vya vali, ikiwa vali ni ya aina hiyo
* kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa vidole vinne

Solusheni iliyokwisha kufunguliwa hukauka ndani ya chupa yake hata ikifungwa vizuri, na mwenyewe hugundua akiwa njiani. Pampu nayo hujaribiwa nyumbani kwa kujaza gurudumu kutoka tupu, kwa kuwa pampu yenye kichwa kisichokaa kwenye vali haina faida yoyote.

## Mipaka

Kiraka huziba mpira wa ndani tu. Hakishikilii tairi lililopasuka. Mpasuko mpana wa tairi huruhusu mpira wa ndani kuchomoza na kulipuka. Kipande cha tairi kuukuu huwekwa ndani, kati ya mpasuko na mpira, na upepo hujazwa pungufu kidogo. Hilo hutosha kufika mji unaofuata kwa mwendo wa taratibu, hasa kama gurudumu ni la nyuma. Tairi la mbele lililopasuka ni hatari zaidi, kwa sababu likilipuka mwendeshaji hushindwa kuongoza baiskeli.

Viraka vinavyojishika bila solusheni huokoa muda, lakini mara nyingi huachia kwa joto, na huhesabiwa kuwa vya muda. Msafiri aliyebadilisha mpira kando ya barabara huuziba ule uliotobolewa jioni hiyohiyo. Asipofanya hivyo, asubuhi huondoka bila akiba.