Arifa ya hundi kurudi

Duka la vifaa vya ujenzi la Makutano mjini Meru limemuuzia mwanakandarasi wa Embu saruji na mabati. Amelipa kwa hundi ya Sh 86,400 ya benki yake iliyoko Embu. Mwenye duka anaiweka benki Jumatatu, na Jumanne jioni simu inaleta ujumbe kwamba hundi haikulipwa na kwamba akaunti yake imekatwa ada. Barua anayopaswa kumwandikia mteja wake sasa, tuiiteje kwa Kiswahili?

Wafasiri wengi wa sheria hukimbilia “notisi ya kutoheshimiwa kwa hundi.” Msemo huo umebebwa mzima kutoka Kiingereza, ambako benki “huheshimu” hundi kwa kuilipa. Kwetu anayeheshimiwa ni mtu, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hudhani kuna aliyevunjiwa adabu. Madukani, kutoka Gakoromone hadi Runyenjes, watu husema cheki imebaunsi au hundi imerudi. Neno la pili lina faida kubwa: linataja tukio tu, halimlaumu mtu. Kwa hiyo napendekeza “arifa ya hundi kurudi,” na ndani ya barua “hundi yako imerudi bila kulipwa.” “Hundi hewa” tuwaachie wanaozungumza kijiweni, kwani inadai kuwa mwandikaji alijua hana fedha, na hilo mwenye duka hajathibitisha.

Tofauti hii ina uzito mahakamani. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayetoa hundi akijua kuwa akaunti haina fedha za kutosha, akijua kuwa imefungwa, au akiwa ameshaagiza benki isilipe. Hundi ya tarehe ya mbele, ambayo wanakandarasi huipenda wanaposubiri malipo ya kazi zao, haiingii katika kosa hilo la upungufu wa fedha. Anayemwita mteja mwizi kwenye barua anadai jambo ambalo karatasi ya benki haijasema.

Karatasi hiyo isomwe kabla ya kalamu kushikwa. Tangu 2011 hundi za Kenya husawazishwa kati ya benki kwa picha badala ya karatasi yenyewe kusafirishwa, ndiyo maana jibu la Embu hufika Meru upesi. Pamoja na jibu huja sababu. “R/D” maana yake benki inamtaka mwenye hundi amuulize aliyeiandika, na mara nyingi nyuma yake kuna upungufu wa fedha, ingawa benki haijatamka hivyo. Maneno na tarakimu vikitofautiana, au sahihi isifanane na ile iliyoko benki, mteja anaweza kuwa na fedha tele na kosa likawa la kalamu. Akisimamisha malipo mwenyewe, huenda ana lalamiko kuhusu bidhaa, na inafaa asikilizwe kabla ya kudaiwa. Barua nzuri hunukuu sababu kama ilivyoandikwa, bila kuongeza tafsiri.

Kuhusu muda, Sheria ya Hati za Malipo, Sura ya 27, imefuata ile ya Uingereza ya 1882. Arifa itolewe ndani ya muda unaofaa. Pande zote mbili zikiwa mji mmoja, inatarajiwa imfikie mteja siku inayofuata hundi kurudi. Zikiwa miji tofauti, kama Meru na Embu, inatosha iwe imetumwa siku hiyo. Kwa hiyo barua yetu iondoke Jumatano. Ni kweli kwamba aliyeandika hundi bila fedha, au aliyesimamisha malipo mwenyewe, hawezi kujitetea kwamba hakuarifiwa. Lakini Jumatano asubuhi mwenye duka hajui kwa hakika ni ipi kati ya sababu hizo, na kuwahi hakumgharimu kitu.

Sheria hiyo pia inaruhusu arifa ya mdomo, na hata kumrudishia mtu hundi yake iliyokataliwa huhesabiwa kuwa arifa. Hapa wengi hupoteza ushahidi wao. Hundi halisi, au karatasi ya benki yenye picha yake, ibaki dukani mpaka fedha ziingie. Mteja atumiwe nakala.

Yamebaki maneno mawili ya kupima. Fedha anazoombwa mteja tusiziite “fidia,” kwa sababu fidia hulipwa juu ya deni na mteja atadhani anatozwa mara mbili. “Malipo badala ya hundi” yanasema kiasi kile kile, kwa njia nyingine. Nayo ada ya benki isiitwe “faini.” Faini hutozwa na mwenye mamlaka; mwenye duka hana. Neno linalofaa ni “makato,” yaani kile hasa kilichokatwa kwenye akaunti yake, ada pamoja na ushuru wake, kama taarifa ya akaunti inavyoonyesha. Makato ambayo benki ya Embu imemkata mteja mwenyewe hayamhusu muuzaji, wala hapaswi kukadiria kiasi cha usumbufu wake na kukiongeza humo. Na kama hundi ilirudi kwa sababu duka lenyewe liliiweka kabla ya tarehe yake, basi makato ni mzigo wa duka.

Tuseme makato ni Sh 690. Barua inaweza kwenda hivi:

“Bwana Mkandarasi, salamu. Hundi yako ya Sh 86,400 uliyotupa kulipia ankara ya saruji na mabati imerudi Jumanne bila kulipwa. Sababu iliyoandikwa na benki ni R/D. Nakala ya hundi na ya karatasi ya benki tumeziambatisha. Kwa kuwa hundi haikulipwa, ankara hiyo bado haijalipwa, na risiti tuliyokupa ilitegemea hundi kulipwa. Benki yetu imetukata Sh 690, kama taarifa ya akaunti iliyoambatishwa inavyoonyesha. Tunakuomba utulipe jumla ya Sh 87,090 ndani ya siku saba, kwa M-Pesa, kwa kuhamisha benki, au kwa hundi ya benki. Tafadhali usitume hundi nyingine ya kawaida. Kama kuna jambo kuhusu bidhaa au kuhusu hundi hii, tupigie leo. Hundi halisi utarudishiwa ukishalipa.”

Sentensi ya risiti ndiyo husahaulika zaidi. Hundi ni malipo yenye sharti: ikirudi, deni la awali linasimama tena kama lilivyokuwa. Mhasibu wa mteja asipoona hilo kwenye barua ataendelea kuonyesha ankara imelipwa, na mabishano yataanzia kwenye vitabu. Muuzaji naye alirudishe deni kwenye leja siku hiyo hiyo, na makato ayaandike mstari wake peke yake.

Siku saba zikipita kimya, barua ya pili huwa ya madai, mara nyingi ya wakili. Tangu Oktoba 2009 Benki Kuu imeweka ukomo wa Sh milioni 1 kwa hundi zinazopita kwenye usawazishaji kati ya benki, na Mahakama ya Madai Madogo nayo husikiliza madai yasiyozidi milioni 1. Hundi yetu ya Embu iko ndani ya ukomo huo. Mwenye duka ataulizwa huko hundi, karatasi ya benki, ankara, taarifa ya akaunti yenye makato, na nakala ya arifa yenye tarehe iliyotumwa.