Uandishi wa tarehe na saa katika barua pepe

Uandishi wa tarehe na saa katika barua pepe za kupanga mikutano unahitaji uangalifu pale watu wa nchi mbalimbali wanapoandikiana. Mfano ni Ifakara, mji wa bonde la Kilombero nchini Tanzania. Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ya Waswisi, inashirikiana na watafiti wa Ulaya na Marekani.

== Siku kwanza au mwezi kwanza ==

Tanzania na Uswisi huandika siku kabla ya mwezi. Marekani huanza na mwezi. Kwa hiyo 05/03/2026 ni tarehe 5 Machi kwa msomaji wa Ifakara, lakini 3 Mei kwa Mmarekani. Tarehe kama 25/03/2026 haina utata, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Hatari iko katika siku 1 hadi 12 za kila mwezi, isipokuwa pale namba ya siku na ya mwezi zinapolingana, kama 05/05. Kwa mwaka mzima ni siku 132.

Dawa yake ni kuandika jina la mwezi kwa herufi na mwaka kwa tarakimu nne. Jina la siku ya juma linaongeza uhakiki: 5 Machi 2026 ni Alhamisi, 3 Mei ni Jumapili. Siku isipolingana na tarehe, mpokeaji anajua kuna kosa na anauliza. Kwa majina ya mafaili hutumika mpangilio wa ISO 8601, yaani 2026-03-05, ambao huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku.

== Saa ==

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu asubuhi, hivyo saa kumi alasiri ni 16:00. Anayeandika "saa 10" tu anaweza kueleweka kuwa 10:00, ambayo ni saa nne asubuhi. Inafaa kutumia mfumo wa saa 24 pamoja na tofauti na UTC. Tanzania ni UTC+3 mwaka mzima.

== Mfano ==

```
Alhamisi 5 Machi 2026, 16:00 (UTC+3)
Basel 14:00, New York 08:00
```

Barua ikiwa ya Kiingereza, majina ya siku na mwezi huandikwa kwa lugha hiyo.

Mkutano huohuo ukirudiwa Alhamisi 12 Machi, saa ya New York inakuwa 09:00, kwa kuwa Marekani inasogeza saa mbele tarehe 8 Machi 2026. Basel inabaki 14:00 hadi Ulaya nayo isogeze saa tarehe 29 Machi. Kwa sababu hiyo, mikutano ya kila wiki huhesabiwa upya katika mwezi wa Machi, na tena saa zinaporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba.