Damu Yangu na Damu ya Jirani

Mjadala wa dini na vita huharibika pale unapoanza kwa kuuliza dini ipi ni ya amani na ipi ni ya upanga. Kila upande huchomoa aya zake na kuzipuuza za pili, na mwisho hakuna aliyejifunza kitu. Swali linalotufikisha mbali zaidi ni hili: anayetaka kuuawa ni mimi, au ni jirani yangu? Maandiko ya Ukristo, Uislamu na Ubudha yanatofautiana katika mengi, lakini yote matatu yana walimu walioona kwamba majibu ya maswali hayo mawili hayalingani. Hapo ndipo vita vya haki na msimamo wa kutoua vinapoachana njia.

Tuanze na Mtakatifu Agostino, anayehesabiwa kuwa baba wa fikra ya vita vya haki katika Ukristo wa Magharibi. Takriban mwaka 398 alimwandikia mtu aitwaye Publikola, aliyemuuliza kama Mkristo anaweza kumuua mtu ili asiuawe yeye. Agostino hakukubali. Alimruhusu askari au mwenye dhamana ya umma peke yake, naye asiue kwa ajili ya nafsi yake bali kwa ajili ya wengine au ya mji wake. Msingi wa hoja ni kwamba uhai wa mwili huu unaweza kunyang'anywa wakati wowote, hivyo kumuua mwenzako ili kuung'ang'ania ni kukipenda kupita kiasi kitu ambacho hata hivyo hakidumu. Agizo la Yesu la kugeuza shavu la pili, katika Mathayo sura ya 5, linabaki na nguvu zake kwa anayepigwa. Lakini halimruhusu mtu kuligeuza shavu la mwenzake. Alipomjibu Fausto, mfuasi wa Mani, Agostino aliongeza kwamba ubaya mkuu wa vita hauko katika kifo, kwa kuwa kila mtu atakufa, bali katika chuki, ukatili wa kisasi na uchu wa kutawala.

Karne ya 13 Tomaso wa Akwino aliuweka msimamo huo katika masharti matatu: vita viamriwe na mwenye mamlaka halali, viwe na sababu ya haki, na nia iwe njema. Kuhusu kujilinda alilegeza kamba. Mtu anaweza kujikinga kwa nguvu isiyozidi haja, hata kama mshambuliaji atakufa, mradi alichokusudia ni kuokoka na siyo kuua.

Katika Uislamu tofauti hiyohiyo inaonekana ndani ya Kurani yenyewe. Katika Sura Al-Maida, aya ya 28, Habili anamwambia ndugu yake kwamba hata akimnyooshea mkono amuue, yeye hatamnyooshea wake, kwa kuwa anamwogopa Mwenyezi Mungu. Lakini katika Sura An-Nisaa, aya ya 75, waumini wanaulizwa wana nini hata hawapigani kwa ajili ya wanaume, wanawake na watoto wanyonge wanaolia waokolewe na watu madhalimu. Aliyesifiwa kwa kutonyoosha mkono alikuwa akitoa damu yake mwenyewe, na wanaohimizwa kupigana wanahimizwa kwa ajili ya damu ya wengine.

Wanazuoni walizisoma aya hizi kwa makini. Kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi ni miongoni mwa nguzo za madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu. Mlango wake kuhusu mvamizi hauzungumzii jihadi, bali mtu anayemshambulia mtu. Unafundisha kuanza na kilicho chepesi: kama maneno au kelele za kuomba msaada zinatosha, ni haramu kupiga, kama mkono unatosha, ni haramu kushika fimbo, na kuua huja mwisho kabisa. Kisha unasema kwamba Mwislamu akishambuliwa na Mwislamu mwenzake, kauli yenye nguvu ni kuwa halazimiki kujitetea. Ushahidi wanaoutaja mafakihi ni Habili, pamoja na Khalifa Uthman, ambaye mwaka 656 alizingirwa nyumbani kwake Madina, akawakataza watetezi wake wasichomoe panga, akauawa. Linapokuja suala la kumtetea mwingine, Nawawi anasema hukumu yake ni kama ya kujitetea, kisha anataja kauli ya wengine kwamba hapo ni wajibu bila mjadala. Mtu ana ruhusa ya kusamehe kilicho chake. Uhai wa jirani si wake.

Ubudha unaonekana kuufunga mlango huu kabisa. Katika sutta ya mfano wa msumeno, Buddha anawafundisha watawa kwamba hata majambazi wakiwakata viungo kwa msumeno wenye vipini viwili, atakayewachukia hafuati mafundisho yake. Na kiongozi mmoja wa askari alipomuuliza kama ni kweli kuwa shujaa afaye vitani huenda mbinguni, alikataa kujibu mara mbili. Mara ya tatu akasema kwamba afaye huku nia yake ni kuua huzaliwa motoni.

Hata hivyo, sutta moja ya Mahayana, Upayakaushalya, inasimulia kisa cha nahodha aliyekuwa na wafanyabiashara 500 chomboni. Anaoteshwa kwamba mmoja wa abiria amepania kuwaua wote. Nahodha anawaza siku saba. Akinyamaza, 500 watakufa na muuaji ataungua motoni kwa dhambi hiyo. Akiwaambia, watamuua yule mtu kwa hasira, na dhambi itakuwa yao. Anaamua kumuua mwenyewe, akiwa tayari kuchukua adhabu ya motoni ili wasiichukue wengine. Nahodha huyu haiti tendo lake haki. Anaona ni deni atakaloliwajibikia, na miongoni mwa wale anaotaka kuwaokoa yumo hata yule anayemuua.

Wasioua kwa hali yoyote wana jibu, nalo linalenga palepale penye nguvu ya hoja. Waanabaptisti waliokutana Schleitheim mwaka 1527 hawakukana kwamba upanga una kazi. Waliusoma waraka kwa Warumi sura ya 13 wakakiri kuwa Mungu ameuweka mikononi mwa serikali uwaadhibu waovu na kuwalinda wema. Ila wakasema upanga huo uko nje ya ukamilifu wa Kristo, na mwanafunzi wake haushiki. Kwa mtu wa imani hiyo, jirani ni wawili: anayeshambuliwa na anayeshambulia.

Mwaka 1569, huko Asperen, Uholanzi, Dirk Willems alitoroka gerezani alikofungwa kwa imani hiyo, akakimbia juu ya barafu. Aliyekuwa akimfukuza akatumbukia majini. Dirk akarudi, akamvuta mpaka akapona, naye akakamatwa tena na kuchomwa moto. Masimulizi yake yametunzwa na Wamenonaiti, ambao wamisionari wao walifika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934.

Ugumu wa Dirk ni kwamba alitoa damu yake tu. Je, kama yule mtu angekuwa akimfukuza mtoto? Swali hili ni la zamani. Kelso, mpinzani wa Ukristo, alidai kwamba wote wakifanya kama Wakristo, mfalme ataachwa peke yake na dunia itaangukia mikononi mwa washenzi. Katika karne ya 3 mwanateolojia Mkristo Orijeni alimjibu kwamba wote wakiwa Wakristo, na hao washenzi watakuwa Wakristo; na kwa sasa Wakristo wanampigania mfalme kwa sala, kama vile makuhani wa kipagani walivyosamehewa vita ili mikono yao isiguse damu. Ni jibu lenye heshima, lakini linamwachia mtu mwingine kazi ya kusimama mlangoni.

Upande wa vita vya haki nao una donda lake, na linaonekana kwa Agostino mwenyewe. Mwaka 408 alimwandikia mtu aitwaye Vinsenti akitetea matumizi ya nguvu za dola dhidi ya Wakristo Wadonati wa Afrika Kaskazini, kwa hoja kwamba kuwalazimisha ni kwa faida yao. Upendo uliokusudiwa kumlinda jirani dhidi ya adui ukawa fimbo ya kumpigia jirani huyohuyo, na hakuna aliyemuuliza mpigwa kama aliomba kuokolewa.

Kwa hiyo mimi sioni kwamba kambi moja inaweza kuishi bila nyingine. Anayekataa kuua katika hali yoyote anadaiwa jibu na mtoto anayefukuzwa. Anayeua kwa jina la jirani anadaiwa jibu na maandiko yake mwenyewe, na ushahidi wake unapimika. Je, mnyonge anayetajwa ameomba msaada, kama wale wa An-Nisaa? Je, njia nyepesi zimejaribiwa kwa mpangilio, kama Nawawi anavyotaka? Je, mwenye kuamuru yuko tayari kupoteza kilicho chake, kama nahodha, au kinachopotea ni watoto wa wengine? Mtawala anayesema analinda wanyonge huku akilinda kiti chake anamwaga damu kwa ajili ya nafsi yake, na kwa kipimo cha Agostino mwenyewe hana ruhusa hiyo.