NPER na RATE: idadi ya vipindi na riba ya kipindi

Mwenye duka Bariadi akikopa 3,000,000 na kuambiwa riba ni asilimia 2 kwa mwezi, marejesho 310,000 kwa miezi 12, hesabu inaonekana safi: riba yote 720,000, basi. Lakini riba hiyo imepigwa juu ya milioni tatu nzima hadi mwezi wa mwisho, ilhali deni limekuwa likipungua kila anaporejesha. Riba halisi ya salio ndiyo inayotafutwa na RATE, na kwa Kiswahili tuiite riba ya kipindi:

```
=RATE(12,-310000,3000000)
```

Kwanza inaandikwa idadi ya marejesho, kisha rejesho lenyewe, kisha mkopo. Alama ya kutoa ipo kwa sababu mkopo umeingia mfukoni na rejesho linatoka; ukiisahau, utapata #NUM!. Jibu likija, Excel huweza kukuonyesha 3% tu. Usiridhike nalo, ongeza desimali: ni karibu 3.5. Riba halisi inakaribia mara mbili ya ile iliyotamkwa, na hakuna aliyedanganya; kinachotofautiana ni kiasi ambacho riba imepigiwa hesabu.

NPER, yaani idadi ya vipindi, inauliza swali jingine: nitamaliza lini? Tuseme salio ni 2,000,000, riba ni asilimia 2 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na unamudu 150,000:

```
=NPER(2%,-150000,2000000)
```

Inatoka 15.66. Hakuna mwezi wa nusu kwenye daftari la mkopo: ni marejesho 15 kamili, na la 16 likiwa dogo, kama 99,700. Hapa ukisahau alama ya kutoa hupati kosa, unapata namba hasi, karibu -11.94, na hiyo ni hatari zaidi kwa sababu mtu anaweza kuifuta alama hasi ya jibu na kuendelea na jibu baya.

Sasa shusha rejesho hadi 40,000. Ni sawasawa na riba ya mwezi wa kwanza, kwa hiyo salio halisogei, na jedwali linajibu #NUM!. Chini ya hapo deni linakua. Wengi hudhani wamekosea kuandika, kumbe fomula inawaambia kwamba mkopo huo hautaisha kamwe.

Fomula zote mbili, kama tulivyoziandika, zinataka rejesho lile lile kila kipindi, na mkulima wa pamba hana fedha za kila mwezi. Anakopa wakati wa kupanda, Novemba, na kulipa kwa mkupuo baada ya kuuza, tuseme Juni. Kwake rejesho la kila mwezi huwa sifuri, na malipo ya mwisho hukaa nafasi ya nne. Kwa aliyechukua 500,000 na kurudisha 620,000 baada ya miezi 7:

```
=RATE(7,0,500000,-620000)
```

Jibu ni kama asilimia 3.1 kwa mwezi.