Jinsi ya kujinoa kwa mtihani wa kuzungumza wa IELTS

WAUGUZI wanaopania kufanya kazi Uingereza na kuchagua mtihani wa Kiingereza wa IELTS huhitajika kupata alama 7 katika kuzungumza. Sehemu hiyo huchukua dakika 11 hadi 14, na inayowatatiza wengi ni ile ya pili: mtahiniwa hukabidhiwa kadi yenye mada, hujiandaa kwa dakika moja, kisha huzungumza peke yake kwa dakika moja hadi mbili.

Sehemu hii yaweza kufanyiwa mazoezi nyumbani kwa simu yenye kinasasauti. Mtahiniwa achague mada, aandike vidokezo kwa dakika moja, kisha ajirekodi kwa dakika mbili bila kukatiza, hata akikosea.

Asiandike hotuba nzima na kuisoma. Sauti ya msomaji huwa ya mkondo mmoja, na watahini huitambua upesi.

Orodha ya kujikagulia ifuate vigezo vinne vya mtihani, ambavyo vina uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Kila kigezo kisikilizwe peke yake, kwani anayesikiliza vyote kwa pamoja huishia kusema tu kwamba alizungumza vizuri au vibaya.

Kwa ufasaha, ahesabu vituo vinavyokatiza sentensi katikati. Kimya baina ya wazo na wazo ni cha kawaida. Kimya cha kutafuta neno ndicho kasoro. Kwa msamiati, aorodheshe maneno yaliyorudiwa mno. Kwa sarufi, anakili dakika moja neno kwa neno na kupigia mstari kila kitenzi.

Chukua mfano wa muuguzi anayemweleza mtu aliyemsaidia. Nakala yaonyesha kwamba kati ya vitenzi 20 vya wakati uliopita, sita vimetamkwa katika wakati uliopo. Isitoshe, mama aliyemsaidia ameitwa mara mbili kwa kiwakilishi cha kiume, kosa la kawaida kwa wazungumzaji wa Kiswahili kwa kuwa neno "yeye" halibagui jinsia.

Huyu asijaribu kurekebisha yote kwa siku moja. Aanze na vitenzi, arekodi mada iyo hiyo tena, kisha alinganishe hesabu. Baada ya siku tatu achukue mada mpya, mathalani safari aliyowahi kufanya. Makosa yakirejea, basi alikuwa amekariri hadithi tu wala hajarekebisha sarufi.

Hata hivyo, matamshi hayakaguliki vyema na msemaji mwenyewe, kwani anajua alichokusudia kusema. Ni heri ampe rekodi mtu asiyeijua mada, naye aandike kila neno lililomtatiza.

Vilevile, sehemu ya tatu, ambayo ni mjadala wa dakika nne hadi tano na mtahini, huhitaji mwenzake wa kumuuliza maswali asiyoyatarajia.