Bakhmeteff na Mchoro wa Nishati Mahususi katika Mfereji Wazi

Boris Bakhmeteff, mhandisi mzaliwa wa Urusi, aliibuni dhana ya nishati mahususi mwanzoni mwa miaka ya 1910, na kitabu chake kilichochapishwa Marekani mwaka 1932 kiliieneza. Alipima nishati kuanzia sakafu ya mfereji, yaani kina kikijumlishwa na kimo cha kasi:

E = y + q²/(2gy²)

Katika mchoro wake, kila kiwango cha nishati huwa na vina viwili, kimoja cha mtiririko wa taratibu na kingine cha mtiririko wa kasi. Hukutana pale nishati ilipo ndogo kabisa, kwenye kina cha mpaka.

Chukua mfereji wa mstatili unaopitisha mita za ujazo 2 kwa sekunde katika kila mita ya upana, kina kikiwa mita 1.50. Nishati ni mita 1.59, na kina cha mpaka ni mita 0.74. Tuta la mita 0.20 likiinuliwa sakafuni, nishati juu yake hubaki mita 1.39 na kina huwa mita 1.26. Kinyume na matarajio, uso wa maji hushuka takriban sentimita 4.

Nishati ndogo kabisa ni mita 1.11, hivyo tuta haliwezi kuzidi mita 0.48 bila kuathiri maji yanayolifikia. Likifika mita 0.60, maji ya juu ya mkondo hupanda hadi mita 1.64. Hesabu hii hupuuza msuguano, hivyo hufaa tuta fupi lenye miteremko laini.